Siku Diski Ilipojaa na Maziwa Yakiwa Getini

Pale kiwandani walimwita Mama Nafasi, na jina hilo halikutokana na mwili wake, maana alikuwa mwembamba kama ufito. Lilitokana na mdomo wake. Ukikutana naye kwenye korido hakuanza na salamu. Alianza na, "Zile video za harusi ya dada yako bado ziko kwenye kompyuta ya ofisi? Zitoe, ndugu yangu, nataka nafasi." Ndipo akasalimia.

Aliingia kiwandani akiwa msichana, akiosha makopo ya maziwa. Akahamishiwa kupiga chapa, akasoma kompyuta jioni jioni kwa miaka ambayo mumewe alijifunza kupika kwa lazima, na mwisho akakabidhiwa chumba cha seva. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mafagio. Mafagio yaliondoka, harufu ikabaki. Humo ndimo ilimokaa seva kuu, mashine nyeusi iliyovuma mchana na usiku, na ndani yake hifadhidata ya kiwanda kizima: lori gani limeleta maziwa, yametoka kwa wafugaji gani, yamepimwa nini, yameingia tangi lipi.

Mama Nafasi hakuwa mtu wa kutupa vitu ovyo. Alizaliwa katika nyumba ya watoto wengi na chumba kimoja, na kwao hata kopo tupu halikutupwa mpaka kila mtu aulizwe kama ana kazi nalo. Tabia hiyo aliingia nayo kazini. Seva kuu ilikuwa na pacha wake, mashine ya pili iliyowekwa jengo la upande wa pili ili moja ikiungua nyingine ibaki. Kila kilichoandikwa kwenye hifadhidata, seva kuu ilikiandika pia pembeni, kwenye mafaili yanayoitwa logi, na pacha kazi yake ilikuwa kuzisoma zile logi na kufanya vilevile alivyofanya mwenzake. Kwa kawaida seva hutupa logi za zamani yenyewe. Ila umeme wa jengo lile la pili ulikuwa na tabia ya kukatika, na safari moja seva ilitupa logi kabla pacha hajazisoma, Mama Nafasi akalazimika kumjenga pacha upya tangu msingi. Alikasirika, akaizuia seva isitupe kitu tena. Atatupa mwenyewe, kila Ijumaa, akishaona kwa macho yake kwamba pacha amesoma.

Utaratibu huo ulikwenda vizuri mpaka mama mkwe alipofanyiwa upasuaji wa jicho na Mama Nafasi akachukua likizo ya kumuuguza. Kazi alimwachia mwenzake wa ofisini, mtu mzima mwenye upara, aliyekuwa zamani akifundisha hesabu, na ambaye wote waliendelea kumwita Mwalimu.

"Mwalimu, usifute logi hata moja kabla pacha hajaisoma," alimwambia. "Hata Meneja akulilie machozi."

"Sawa, mama."

Na Mwalimu alikuwa mtu wa kushika neno.

Simu ilikuja asubuhi, uji wa mgonjwa ukiwa bado jikoni.

"Mama, samahani kukusumbua," alisema Mwalimu kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Seva haiandiki."

"Haiandiki vipi? Imezima?"

"Haijazima. Ukiuliza maziwa ya jana inakuonyesha. Ukitaka kuandika ya leo inanyamaza tu."

"Diski imejaa."

"Imejaa. Nimefuta faili moja kubwa la programu ya mapokezi, lakini nafasi haikurudi. Nimefuta kabisa, mama, faili halipo. Na diski bado imejaa."

Mama Nafasi alifumba macho. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kitini na jicho moja limefungwa bandeji, alimtazama kwa lile lililobaki.

"Hao watu wa maziwa," alisema bibi, "bila wewe hata kuchemsha hawajui?"

"Mama, nitarudi sasa hivi."

"Nenda. Lakini uniwekee redio karibu. Na mwambie mume wako uji si zege, aupunguze."

Getini malori ya maziwa yalikuwa yamepangana mpaka barabarani. La mbele lilikuwa la dereva mmoja mzee waliyemwita Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona utosi wake. Lori lake lilikuwa chakavu, ngozi ya nje ya tangi, ile ya kuzuia joto, imebanduka upande mmoja, na upande huohuo ndio uliokuwa unapigwa na jua. Kofia alikuwa ametandika magunia yaliyolowa maji juu ya tangi, na sasa anayamwagia tena kwa ndoo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Wanasema kompyuta imeshiba."

"Imevimbiwa."

"Basi itapike." Alishusha ndoo. Hakuwa anacheka. "Sikiliza. Haya maziwa nimeyakusanya alfajiri, na maziwa hayajui kusubiri. Nimesharudishiwa mara mbili msimu huu kwa kuchachuka. Wafugaji wangu wamesema nikimwaga tena, njia yangu wanampa mwenye lori jipya. Si maneno ya mtaani, wameniambia usoni. Mimi nina lori hili na njia ile, sina kingine."

"Si wakupokee kwa karatasi tu?" alidakia dereva wa nyuma.

Kofia alimjibu bila kugeuka. "Wewe mgeni. Bomba la humu linafunguliwa na programu. Namba ya mapokezi isipotoka, hata umlete fundi na nyundo, halifunguki."

Mama Nafasi alikwenda mbio. Alipofika chumba cha seva alikuta Meneja ameinama mbele ya mashine, kidole kimenyooka kuelekea kitufe cha kuzimia, na Mwalimu amesimama katikati, mikono imetanuliwa kama golikipa.

"Ondoa kidole, bosi," alisema Mama Nafasi mlangoni.

"Nilikuwa nataka kuzima niwashe. Simu yangu ikikwama ndivyo ninavyofanya."

"Simu yako haina maziwa ya watu ndani. Hii ukiizima ikiwa imejaa, ikiwaka itataka kwanza kujipanga, imalizie yaliyokatika njiani, na kujipanga ni kuandika. Itaandika wapi? Itagoma kuamka. Sasa hivi angalau inasoma."

"Basi futa hizo logi. Mwalimu anasema ndizo zimejaza."

"Nimemwambia tusubiri," alisema Mwalimu. "Nimeambiwa nisifute kabla pacha hajasoma. Pacha hajasoma."

"Tangu lini hajasoma?"

"Tangu ulipoondoka, karibu."

"Na hukuniambia?"

"Niliambiwa nisifute. Sikuambiwa niseme."

Mama Nafasi hakumkaripia, kwa sababu kila alichofanya Mwalimu ni kile alichoagizwa. Akafungua barua pepe zake. Zilikuwa zimejaa onyo moja tu, lililorudiwa na kurudiwa: diski inakaribia kujaa, diski inakaribia kujaa. Kumbe seva ilikuwa imelia siku zote hizo, ikilia kwenye sanduku la mtu aliyeko nyumbani anapuliza uji.

"Mimi mwenyewe," alisema polepole, "nimeiagiza iniambie mimi peke yangu. Haya. Tuanze na lile faili ulilofuta."

Mwalimu alijisogeza. "Nilishangaa. Nimefuta, halipo, na nafasi haipo."

"Umefuta jina, Mwalimu. Programu ya mapokezi bado imelishika. Ni sawa na kung'oa kibao cha jina mlangoni na mpangaji bado yuko ndani na kitanda chake. Mpaka programu iliachie, diski haihesabu kwamba kimetoka kitu."

Akaiuliza mashine ni mafaili gani yamefutwa lakini bado yameshikwa. Likajitokeza moja, kubwa kupindukia, na aliyelishika ni programu ya mapokezi.

"Kwa hiyo tuwashe upya hifadhidata?" aliuliza Meneja.

"Hifadhidata hatuigusi, bosi. Tunaiwasha upya hiyo programu peke yake."

Mlangoni alitokea mpokezi wa maziwa, dada mmoja mwenye koti jeupe na buti za mpira. "Dada, mimi nimebonyeza hifadhi mpaka kidole kimekufa ganzi. Nibonyeze tena?"

"Usibonyeze. Umebonyeza mara ngapi?"

"Si nilikuwa naona haijibu."

"Nakuuliza mara ngapi."

"Nyingi," alisema mpokezi, akaangalia buti zake.

Mama Nafasi alishusha pumzi. Aliisimamisha programu ya mapokezi, akaiwasha. Akaangalia diski. Nafasi ilikuwa imerudi, si kubwa, upenyo tu, kama dirisha lililofunguliwa kidogo katika chumba chenye moshi. Meneja alipiga makofi.

"Usishangilie, bosi. Hii itajaa tena kabla hujafika ofisini kwako. Lakini niliihitaji. Hata kutupa logi, seva lazima iandike imetupa nini. Ingekuwa haina pa kuandika, isingetupa."

"Sasa zifute. Si ni mafaili? Chagua, futa."

"Nikiyafuta kwa mkono, seva itaendelea kuamini yapo. Ina orodha yake. Naiamuru yenyewe itupe, na yenyewe irekebishe orodha." Akaiacha mikono juu ya kibodi. "Shida si hiyo. Shida ni pacha. Kwa nini hasomi?"

Akaiuliza seva kuu ni nani anayesoma logi zake. Orodha ilirudi tupu. Pacha hakuwa amechelewa. Hakuwepo kabisa.

Jengo la pili lilikuwa la mtindi, na mkuu wake alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito waliyemwita Bibi Mtindi. Mama Nafasi alimpigia, akaweka simu wazi ili wote wasikie.

"Bibi, habari za huko. Ile mashine yangu iliyo kwenye kabati la kona, inawaka?"

"Ipi, mwanangu?"

"Nyeusi. Ina taa za kijani."

"Aa, ile. Ile imepumzika."

"Imepumzikaje?"

"Unajua mtindi unataka joto la wastani, halafu utulie. Na mashine yako ilikuwa na joto zuri, la wastani, haliendi juu haliendi chini. Tukaona vikombe vyetu vya majaribio tuviweke juu yake. Mtindi ukaja mzuri, laini, hata Meneja alisifu."

Mama Nafasi alimgeukia Meneja. Meneja alitazama dari.

"Endelea, Bibi."

"Kikombe kimoja kikamwagika. Mtindi ukaingia kwenye vitundu. Mashine ikatoa kamlio, ikazima. Tukaipangusa vizuri, tukaifunika kitambaa safi."

"Na hamkumwambia mtu?"

"Wewe uko likizo na mama mkwe ni mgonjwa. Tukaona tusikuongezee mawazo."

Mama Nafasi aliiweka simu chini taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuivunja. Kila mtu alikuwa na huruma. Kila mtu alishika neno. Na nje Kofia anamwagia magunia maji.

Sasa alikuwa na jambo moja la kuamua, na ndilo alilolichukia kuliko yote. Kuzitupa logi ambazo pacha hajasoma ni kumzika pacha: hata akitengenezwa hataweza kuendelea alipoishia, itabidi ajengwe upya tangu msingi, ile kazi iliyomfanya aweke sheria yake. Kutozitupa ni kukaa na diski itakayojaa tena baada ya malori machache. Mwalimu naye alikuwa amemkodolea macho, akisubiri kuona aliyeweka sheria ataivunja vipi.

"Nakala ya usiku ipo?" alimuuliza.

"Ipo, kwenye diski nyingine. Ya jana imekwisha salama."

"Umeona imekwisha, au unadhani?"

"Nimeona mstari wake wa mwisho. Hata njoo uangalie."

Aliangalia. Ilikuwa imekwisha kweli, na pale mwanzoni iliandika ilianzia logi gani. Hilo alilihitaji. Logi zilizotangulia nakala ile zinaweza kwenda. Zilizofuata lazima zibaki, kwa sababu kikitokea kibaya leo, nakala ya usiku pamoja na logi hizo ndiyo njia pekee ya kuyarudisha yaliyoandikwa tangu usiku.

"Tupa zote za kabla ya hii," aliiandikia seva. Kabla ya kubonyeza alisoma jina la faili kwa sauti, Mwalimu akalisoma kwenye skrini ya pili, wakalinganisha herufi kwa herufi. Meneja alikuwa anahema nyuma ya shingo zao.

Akabonyeza.

Ikanyamaza kidogo. Kisha nafasi ikaanza kurudi kwa mkupuo, mpaka diski iliyokuwa imekabwa koo ikabaki na zaidi ya nusu yake tupu.

"Pacha wako amekwenda," alisema Mwalimu kwa upole.

"Amekwenda na mtindi. Twende mapokezi."

Mapokezi, skrini ya mpokezi ilikuwa imefufuka, na namba zilikuwa zinatoka. Zilikuwa zinatoka mno. Lori la Kofia lilikuwa limeandikishwa, na chini yake lori la Kofia, na chini yake lori la Kofia tena, ukurasa mzima. Yale maombi yote ya kuhifadhi, kila kidole kilipogusa, hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamejipanga ndani ya seva yakisubiri nafasi, na nafasi ilipopatikana yote yaliingia.

"Mzee Kofia," alisema mpokezi kwa sauti ndogo, "kwa mujibu wa kompyuta leo umeleta maziwa ya nchi nzima."

Kofia alikuwa amesimama dirishani, magunia yanachuruzika nyuma yake. "Ningekuwa nayo ningekuwa na lori jipya. Fungueni bomba."

"Bado," alisema Mama Nafasi. "Bomba likifunguka kwa namba zote hizi, programu itadhani tangi limejaa wakati liko tupu, na wa nyuma yako wote watarudishwa."

Alikerwa na kila kitu: na kiti, na joto, na kelele za honi nje. Lakini hakuharakisha. Aliiacha namba ya kwanza, akazibatilisha zilizofuata moja moja, mpokezi akimsomea, na kila moja akiiandikia sababu ili wakaguzi wasije wakadhani kuna maziwa yamenywewa njiani. Mpokezi alitaka kuomba radhi. Akamzuia kwa mkono.

"Kosa si la kidole chako. Programu ingekwambia subiri, ungesubiri. Haikusema kitu. Soma inayofuata."

Ilipobaki namba moja, aliinuka akampisha mpokezi. "Sasa yapimeni maziwa yake."

Mpimaji alipanda ngazi ya lori, akakoroga, akachota maziwa kwa kijiko kirefu. Kwanza akayapima joto, akakunja uso. Kofia alivua kofia. Utosi ulikuwa mweupe kuliko uso wake wote, na madereva wa nyuma, ambao siku nyingine wangetania mpaka jioni, walinyamaza.

Kipimo chenyewe ni kidogo: maziwa kwenye kichupa, spiriti kiasi hichohicho, unatikisa, unatazama. Yakikatika vipande vipande kwenye kuta za kichupa, yanarudi. Mpimaji alimimina, akatikisa, akainua kichupa kwenye mwanga.

Mama Nafasi alijikuta amesogea. Kwenye kuta za kichupa hakuona punje. Kisha akadhani ameona moja.

"Rudia," alisema Kofia. "Usinipitishe kwa huruma. Huruma leo imeshafanya kazi ya kutosha humu."

Mpimaji alichukua kichupa kingine kisafi, akamimina, akatikisa, akakizungusha taratibu. Maziwa yalishuka kwenye kioo laini, bila alama.

"Yamepita," alisema. "Lakini yamepita kwa mlango wa nyuma, Mzee. Yangekaa kidogo tu juani ningeyarudisha. Hilo tangi lishone ngozi."

"Nitalishona."

Mpokezi alibonyeza mara moja, akaondoa mkono mezani na kuuweka mgongoni kabisa. Bomba likafunguka kwa kishindo, mpira ukatikisika, na maziwa ya Kofia yakaanza kwenda. Kofia alivaa kofia yake, akaenda kukaa kwenye ngazi ya lori, akaushikilia mpira kwa mkono ingawa haukuhitaji kushikwa.

Meneja alimfuata Mama Nafasi uani. "Kazi nzuri. Na huyo pacha, utamjenga lini? Leo jioni?"

"Bosi, mimi niko likizo."

"Najua, najua. Nauliza tu."

"Nikirudi. Ila maonyo ya diski kuanzia leo yanakuja kwako, kwa Mwalimu na kwa Bibi Mtindi. Yakikukera, ndiyo kazi yake."

Nyuma yao lori la pili lilikuwa linaingia, na dereva wake anamuuliza Kofia kama ni kweli leo ameleta maziwa ya nchi nzima. Kofia alijibu bila kuachia mpira.

"Ya nchi nzima wameyafuta. Haya yaliyobaki ni ya wafugaji wangu."